Kuhesabu Duka la Newala Ukiwa Masasi

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa)



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ninayoifanya. Kazi yenyewe ni ndogo, nayo haina jina kubwa. Kila juma nakaa Masasi na simu mkononi, natazama picha ya video ya duka lililoko Newala, na mbele yangu ninayo orodha ya bidhaa. Nahesabu kilichomo, natafuta mapengo, kisha naandika kitakachopakiwa kwenye gari. Duka ni la kaka yangu. Mwuzaji ni kijana wa kule kule Newala. Mimi ndiye msomaji wa picha.

Wengi wenu mnazijua sehemu hizi mbili. Masasi iko chini, katikati ya milima yake ya mawe, na ndiko yaliko maduka ya jumla tunakonunulia. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, pale ambapo mtu akisimama Shimo la Mungu huona bonde la Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng'ambo. Gari la mizigo lina siku yake ya kupanda. Bidhaa ikisahaulika siku hiyo, duka litakaa bila bidhaa hiyo mpaka safari nyingine. Kwa hiyo kosa la kuhesabu la dakika moja laweza kugharimu juma zima.

Wazee mliofanya kazi katika maduka ya ushirika baada ya Operesheni Maduka ya mwaka 1976 mnakumbuka siku ya kuhesabu mali. Duka lilifungwa, mmoja akapanda ngazi akitaja, mwingine akaandika. Yule aliyepanda ngazi alikuwa na mikono. Aliweza kusukuma kopo la mbele akaona la nyuma. Picha haina mikono. Huonyesha uso wa bidhaa tu, na yote nitakayoyasema leo yanatokana na upungufu huo mmoja.

Nianze na jinsi picha inavyopigwa, maana picha mbaya haihesabiki hata na profesa. Kila rafu dukani tumeipa herufi na namba, na tumeziandika kwa chokaa ubaoni: A1 ni ya juu kabisa karibu na mlango, chini yake A2, na kuendelea. Kijana huanza A1, hushuka mpaka chini, kisha huhamia B1. Harudi nyuma. Akirudi nyuma, rafu moja itaonekana mara mbili, na msomaji ataihesabu mara mbili asijue. Simu huilaza kwa upana, huisimamisha usawa wa rafu anayoipiga, mbali kiasi cha hatua moja. Huanza na ile namba ya chokaa, huitaja kwa sauti, kisha husogea polepole. Kila sehemu husimama kwa muda wa kuhesabu moja mpaka tatu. Pasipo kusimama, ninapoizuia picha ili nihesabu naona ukungu tu. Mlango wa duka huwa mgongoni kwake, ili mwanga uangukie bidhaa na usiingie machoni mwa simu.

Tunapiga video fupi, moja kwa kila safu ya rafu, wala hatupigi moja ndefu ya duka zima. Ikikatika njiani, inarudiwa hiyo moja tu. Pia tunaituma kama faili la kawaida, kwa sababu video ikitumwa jinsi watu watumavyo za harusi, WhatsApp huibana ili iwe nyepesi, na maandishi madogo ya pakiti huyeyuka. Na hupigwa alfajiri kabla duka halijafunguliwa. Picha ni ya dakika moja ya maisha ya duka. Ikipigwa katikati ya mauzo, daftari la mauzo na picha havitapatana, na hutajua lipi limetangulia.

Sasa nije kwenye orodha. Orodha nyingi za kuagizia nilizoziona zimepangwa kwa alfabeti au kwa jinsi bei zilivyokuja. Yetu imepangwa kwa njia ile ile anayoipita kijana: bidhaa za A1 kwanza, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha A2. Hivyo kidole changu kinashuka kwenye karatasi huku picha ikienda. Mbele ya kila bidhaa kuna tarakimu mbili. Ya kwanza ni kiwango cha kuagizia, yaani idadi ambayo ikifikiwa ni lazima tuagize. Ya pili ni kiwango cha juu, yaani idadi tusiyotaka kuizidi ili fedha zisilale rafuni.

Nitoe mfano wa mafuta ya kupikia ya chupa za lita moja. Duka huuza chupa 2 kwa siku. Tangu nitume oda mpaka mzigo ushuke Newala ni siku 4. Kwa hiyo katika kungoja zitatoka chupa 8. Tunaongeza akiba ya siku 2, yaani chupa 4, kwa ajili ya gari kuchelewa. Jumla ni 12, na hicho ndicho kiwango cha kuagizia. Kiwango cha juu ni 36: chupa 24 rafuni na katoni moja ya 12 stoo.

Rafu ya mafuta inachukua chupa 6 kwa upana na chupa 4 kwenda ndani. Hapa ndipo picha inapodanganya. Ukiona chupa 6 zimesimama mbele, huenda nyuma yake ziko 18, na huenda hamna kitu. Wauzaji wengi hufundishwa kuvuta bidhaa mbele kila jioni ili duka lipendeze. Kwa mteja ni vizuri, lakini kwa msomaji wa picha ni pazia. Sisi tumekubaliana kinyume chake. Kijana huchukua chupa ya mbele, na zilizobaki haziguswi mpaka picha iwe imepigwa. Basi rafu inapopungua, ubao mtupu unaonekana mbele, na bidhaa zinaonekana zimejitenga nyuma.

Kisha tumechora mstari juu ya ubao, kwa rangi nyekundu, mahali ambapo safu mbili za nyuma huanzia. Safu mbili za chupa 6 ni 12, ndicho kiwango chetu. Mstari ukiwa umefunikwa na chupa, sina haja ya kuhesabu. Naweka alama na kuendelea. Mstari ukionekana wazi wote, nazuia picha na kuhesabu moja moja. Katika rafu nzima huwa nahesabu bidhaa chache tu, na nguvu za macho nazitunza kwa hizo.

Lakini mstari kuonekana si amri ya kuagiza. Juma moja nilihesabu chupa 10 rafuni, na stoo hamna. Kumi ni chini ya 12, na mwenye haraka angeandika oda papo hapo. Nikatazama daftari la njiani: kulikuwa na katoni moja ya 12 iliyokwisha lipiwa, haijapakiwa. Ukijumlisha 10 za rafuni, 0 za stoo na 12 za njiani, unapata 22, na 22 iko juu ya kiwango. Sikuagiza. Ingekuwa njiani hamna kitu, hesabu ingekuwa 36 kutoa 10, yaani 26, nazo ni katoni 2 za 12. Zile 2 za ziada tungeziacha, kwa kuwa duka la jumla haliuzi nusu katoni. Maduka mengi hulemewa na bidhaa moja huku yakikosa nyingine kwa sababu tu mzigo wa njiani haukuhesabiwa.

Kuna bidhaa ambazo huhesabiwa kwa namna yake. Uwanda wa Makonde una udongo wa mchanga unaomeza maji, na taabu ya maji Newala ni ya miaka mingi, kwa hiyo ndoo na madumu hutoka sana. Ndoo hupachikwa moja ndani ya nyingine, na kwa mbali rundo la ndoo 7 na la ndoo 9 hulingana. Usiangalie urefu wa rundo, hesabu midomo. Kila ndoo huacha ukingo wake ukitokeza. Khanga nazo huwekwa zimekunjwa. Kijana hugeuza upande wa mkunjo uwe mbele, na kila mkunjo ni doti moja. Sukari ya kupima kwenye gunia lililofunguliwa haihesabiki kwa jicho hata kidogo. Gunia hilo huwekwa juu ya mizani na simu husogezwa mpaka nisome mshale.

Sasa, ndugu zangu, nije kwenye mapengo yenyewe, kwa sababu hapa pana jambo lililotaka kumgharimu mtu kazi yake.

Pengo la kwanza ni la wazi: namba ya rafu ipo, nafasi ni tupu. Hilo hata mtoto analiona. Pengo la pili ni la bidhaa iliyomo kwenye orodha ambayo mimi sikuiona kwenye picha. Hapa nawaomba vijana mnisikilize. Kutoiona bidhaa si sawa na bidhaa kutokuwapo. Katika karatasi yangu nina alama tatu. Naandika tarakimu ikiwa nimehesabu. Naandika 0 ikiwa nimeona nafasi yake na ni tupu. Naandika alama ya kuuliza ikiwa sikuona nafasi yake, au nimeona katoni ambayo sijui kilichomo ndani. Alama ya kuuliza haigeuki kuwa 0 mpaka dukani wajibu. Pengo la tatu ni baya kuliko yote, nalo ni pengo lisiloonekana kuwa pengo: bidhaa imekwisha, na jirani yake amehamia mahali pake. Rafu inaonekana imejaa, picha inapita, na jicho linaridhika.

Ilikuwa hivi. Sabuni ya unga ya pakiti ndogo hukaa C2, kwenye rafu nyembamba inayoingia safu moja tu, kwa hiyo kinachoonekana ndicho kilichopo. Hesabu iliyotangulia ilikuwa pakiti 40. Ziliingia 48. Daftari la mauzo likaonyesha zimeuzwa 56. Arobaini na arobaini na nane ni 88. Ukitoa 56, zinatakiwa 32. Kaka yangu siku hiyo alikuwa ameketi nami, akaitazama picha mwenyewe. C2 ilikuwa na pakiti 6 kwa upana, zimepangwa tatu tatu kwenda juu: 18. Pungufu 14.

Kaka akasema, "Kijana anakula. Juma hili namtoa."

Nikamwambia, "Kaka, tumesoma karatasi upande mmoja tu. Nipe nusu saa."

Kusoma upande mmoja ni hivi: unachukua orodha, unataja bidhaa, unaitafuta kwenye picha mahali pake. Wakaguzi wa mahesabu hufanya hivyo, kisha hugeuka. Huchukua mali iliyoko sakafuni na kuuliza: hii iko wapi kwenye kitabu? Ukienda upande mmoja unagundua kilichokosekana. Ukigeuka unagundua kilichokaa mahali pasipo pake. Hesabu ya dukani haijakamilika mpaka umekwenda pande zote mbili.

Basi nikaigeuza. Nikaanza tena A1, safari hii bila kutazama orodha, nikizuia picha kila sehemu na kuuliza, hiki ni nini, na mahali hapa ni pa nani? Nilipofika C4, ambapo kwa orodha hukaa viberiti, rafu ilikuwa imejaa vizuri. Lakini pakiti zilizosimama pale zilikuwa za rangi ile ile ya C2. Ilikuwa sabuni ya unga, pakiti 8. Kisha nikarudi kwenye picha ya stoo. Sakafuni kulikuwa na katoni moja ya sabuni iliyofunguliwa, mdomo wake umeangukia ndani, na kilichomo hakionekani. Kwenye karatasi ya kwanza katoni hiyo ilikuwa na alama ya kuuliza, na kaka alikuwa ameihesabu kuwa tupu.

Tukampigia kijana. Baada ya kumwamkia kaka alisema, "Mzee, viberiti vilikwisha Jumatatu. Nafasi ilikuwa wazi, nikaona duka linaonekana baya, nikaweka sabuni. Katoni ya stoo ina pakiti kidogo, ngoja niwapigie picha." Akaipiga kutoka juu, mdomo umefunuliwa. Zilikuwa 6. Nane na sita ni 14. Haikukosekana hata pakiti moja.

Kaka alinyamaza kidogo, kisha akamwambia, "Ahsante, kijana wangu. Endelea na kazi."

Lakini tazameni jambo la pili lililojificha humo. Wakati sisi tunasumbuka na sabuni ambayo haikupotea, viberiti vilikuwa vimekwisha kweli, tangu Jumatatu, na hakuna aliyekuwa amevitia kwenye oda. Mteja akija kununua kiberiti na kukikosa, haondoki bila kiberiti tu. Ananunua chumvi na mafuta ya taa huko huko aendako. Sabuni iliyosimama mahali pa viberiti ilileta makosa mawili kwa pamoja. Iliwafanya watu wamshuku asiye na hatia, na ilificha hasara ya kweli.

Tangu hapo tuna sheria mbili. Bidhaa ikiisha, mahali pake hubaki wazi, na kijana husimamisha kipande cha kadibodi chenye jina lake. Duka linaonekana na meno yaliyong'oka, lakini ni afadhali. Na katoni yoyote iliyofunguliwa hukunjwa midomo yake nje, ipigwe kutoka juu. Katoni iliyofungwa kwa gundi ya kiwandani nahesabu kuwa imejaa. Nyingine zote ni alama ya kuuliza.

Nimalizie na orodha yenyewe, maana nayo huzeeka. Kile kiwango cha chupa 12 kilitokana na mauzo ya chupa 2 kwa siku, na hayo ni mauzo ya miezi ya ukame wa fedha. Ninyi watu wa kusini mnajua kalenda yetu. Ifikapo Oktoba minada ya korosho huanza, fedha za wakulima huingia, na kwa miezi michache duka la Newala huwa duka jingine. Chupa 2 huwa 5. Kwa siku 4 za kungoja zitatoka 20, na akiba ya siku 2 ni 10. Kiwango kinakuwa 30. Mstari mwekundu wa Julai ukiutumia Novemba, utakuambia uagize wakati umekwisha chelewa. Na mvua zikikolea mwanzoni mwa mwaka, siku za kungoja nazo huongezeka hata kama mauzo yameshuka. Kwa hiyo sisi huchora mistari upya mara tatu kwa mwaka: kabla ya korosho, kabla ya mvua, na baada ya mvua. Dalili ya kwamba mstari umepitwa na wakati ni rahisi. Bidhaa ikifika 0 kabla gari halijafika mara mbili mfululizo, mstari uko chini mno. Ikiwa mstari haujaonekana kwa miezi miwili, fedha zako zimelala pale.

Wala nisiwadanganye kwamba picha inatosha. Haisomi tarehe ya mwisho ya matumizi iliyoandikwa chini ya kopo. Haioni maziwa ya unga yaliyotobolewa na panya kwa nyuma. Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu napanda Newala mwenyewe, tunafunga duka, na tunahesabu kwa mikono kama wazee wetu walivyofanya. Kwanza nahesabu kwa picha ya asubuhi ile, kisha kwa mkono, na naziweka karatasi mbili sambamba. Rafu ambazo karatasi hizo hazipatani ndizo rafu ambazo picha haiwezi kuzisoma, na hizo tunazipanga upya, ama tunazipunguza kina, ama tunazihamishia mbele penye mwanga.

Vijana, najua baadhi yenu mtarudi nyumbani likizo na kukaa nyuma ya kaunta ya mjomba au mama. Mkipewa simu mpige picha ya duka, anzeni mlangoni, shukeni kutoka juu, msirudi nyuma. Na mkipewa karatasi msome, isomeni pande zote mbili kabla hamjataja jina la mtu.